Sikio liliuma kushuka Dar, kurudi Mwanza likatulia: kisa cha dada wa Mwaloni

Huyu dada ana miaka thelathini na kitu, anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, mzima kabisa, hana presha hana sukari na hakumbuki kuumwa masikio hata utotoni. Alikuwa anaenda Dar kufuatilia hela ya mzigo kwa mteja, ndege ya asubuhi, na siku mbili tatu kabla alikuwa na mafua ya kawaida tu, yale ya pua kuziba upande mmoja ukilala na kamasi nzito. Kwa kuwa aliamka alfajiri kuwahi uwanjani kule Ilemela, ndege ilivyopaa tu akajiegemeza dirishani akalala fofofo. Kupaa hakusikia chochote. Kilichomwamsha ni maumivu ya sikio la kushoto, anasema ni kama mtu ameingiza kidole ndani anasukuma, na ndege ilikuwa bado juu, bahari haijaonekana, wahudumu ndo kwanza wanapita kukusanya vikombe.

Akafanya anachofanya kila mtu, akatoa leso akapenga kamasi kwa nguvu zote. Likazidi. Akaziba pua akapuliza kwa nguvu tena, hakuna kitu, jirani yake akampa pipi akatafuna, hola. Mpaka wanagusa ardhi Dar machozi yanamtoka na sikio limeziba kama mtu aliye chini ya maji. Maumivu makali yalipungua mchana ule ule ila kuziba kukabaki. Mwenyeji wake wa Dar akamwambia atie mafuta ya nazi ya uvuguvugu, mwingine akamwambia ni wadudu wa masikio akanunue amoksilini, akafanya yote mawili. Baada ya siku kadhaa akarudi Mwanza kwa ndege, roho mkononi, anasubiri mateso mengine. Sikio likamvuta kidogo tu, basi. Akaja kwetu kliniki Nyegezi kwa sababu ya kuziba, ila swali lake la kwanza halikuwa la dawa. Aliuliza, "Daktari, kwani rubani wa kwenda Dar alishusha vibaya? Mbona kurudi hakukuniuma vile?"

Ameniruhusu niandike, nimebadilisha vitu vidogo asijulikane. Na hilo swali lake nalipenda maana jibu lake linabeba karibu kila kitu unachohitaji kujua kuhusu masikio na ndege, na ni jibu ambalo linatuhusu sisi watu wa huku kanda ya ziwa kuliko watu wa pwani.

Rubani hana kosa. Namna magurudumu yanavyogusa chini, kwa ulaini au kwa kishindo, haigusi sikio hata kidogo. Kinacholiumiza ni hewa ya ndani ya kebini, ile unayoivuta umekaa kwenye siti. Watu wengi wanadhani hewa ya ndani ya ndege ni sawa na ya chini muda wote, sio hivyo. Ndege ikiwa juu, presha ya kebini inashushwa mpaka inalingana na kuwa juu ya mlima, na kwa ndege za abiria kwa kawaida haipitishwi zaidi ya mlima wa mita 2,400 hivi, au futi 8,000 kama wanavyosema wenyewe. Tuchukulie siku ile kebini ilikuwa kama mita 2,000, ambayo ni hesabu ya kawaida tu. Ikianza kushuka, presha ya kebini inapandishwa taratibu mpaka ilingane na presha ya uwanja mnaotua.

Sasa angalia viwanja vyenyewe. Uwanja wa Mwanza uko kama mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Sisi tunajiona tuko chini kwa sababu ziwa liko hapo miguuni lakini ziwa lenyewe liko juu kama mita 1,134. Dar iko baharini, uwanja wake ni mita hamsini na kitu tu. Kwa hiyo dada akipaa kutoka Mwanza masikio yake yanapanda kutoka 1,147 mpaka 2,000, mlima mdogo tu, ndo maana kupaa hakuhisi kitu. Akishuka Dar anashuka mlima wote, karibu mita 2,000 nzima. Akirudi Mwanza anashuka mita mia nane na hamsini tu.

Ukiigeuza iwe presha, kwa kipimo kile kile cha milimita za zebaki tunachotumia kupima presha ya damu mkononi, kebini ya mita 2,000 ina kama 596, Mwanza 662, Dar 755. Yaani kushuka Mwanza hewa ya nje ya sikio inaongezeka kama 66 na kushuka Dar inaongezeka kama 160. Zaidi ya mara mbili. Shikilia hizo namba mbili, 66 na 160, nitazirudia.

Nyuma ya kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba inayotetemeka sauti ikigonga, kuna chumba kidogo chenye hewa, tunakiita sikio la kati. Hicho chumba kina mlango mmoja tu, mrija mwembamba unaoshuka mpaka nyuma ya pua juu ya koo, vitabu vinauita mrija wa Yustakio, mimi nitasema mrija tu. Mrija huu muda mwingi umefungika, kuta zake za upande wa pua ni laini zimelaliana. Ndege ikipaa, hewa iliyo ndani ya chumba inavimba na inajisukumia njia yenyewe kwenda nje, unasikia "pop", imeisha, huhitaji kufanya chochote. Kushuka ni kinyume. Hewa ya nje imekuwa nzito, ya ndani ni nyepesi, na mrija hauwezi kuingiza hewa wenyewe, kadiri tofauti inavyokua ndivyo kuta zake zinavyonyonywa na kushikana zaidi. Ufunguliwe lazima misuli ya kaakaa iuvute, na misuli hiyo inafanya kazi ukimeza au ukipiga miayo. Ukitaka kuliona hili kwa macho, ndege ikiwa juu kabisa malizia maji ya chupa ya plastiki ufunge kizibo kikaze, ukitua Dar utaikuta imebonyea. Kiwambo cha sikio kinabonyea hivyo hivyo kuelekea ndani, tofauti ni kwamba chupa haina mishipa ya fahamu.

Hapa ndo namba zinaingia. Tofauti ya presha ikifika kwenye 80 mpaka 90 za zebaki, misuli inashindwa. Mrija unakuwa umefungwa na presha yenyewe, umeze mate, utafune, upige miayo, hautafunguka. Kwa mtu ambaye pua yake ni safi hafiki hapo maana anameza kila baada ya muda mfupi na kila akimeza anasawazisha kidogo kidogo bila kujua. Dada yetu alikuwa na vitu viwili vilivyomwondolea hiyo nafasi. Mafua, kwamba utando wa ndani ya mrija umevimba na kamasi zimekaa mlangoni. Na usingizi, mtu aliyelala anameza mara chache sana. Kwa hiyo tofauti ikajijenga tu kimya kimya, ikapita 90 yuko ndotoni, alivyoamka mlango tayari umejifunga. Pipi ya jirani ilikuja imechelewa. Siku ya kushuka Mwanza, hata kama asingemeza hata mara moja safari nzima, tofauti nzima ni kama 66, haifiki pale pa kufungia. Unaona sasa.

Kuna mtu makini atauliza, je si mafua nayo yalikuwa yamepungua siku ya kurudi? Ni kweli na hilo nalo limechangia. Kuna na kitu kingine, kama tutakavyoona sikio lake lilikuwa limejaa majimaji kwa ndani, na majimaji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo sikio lililojaa maji mara nyingi haliumi sana kwenye ndege ingawa halisikii vizuri. Sitaki kuuza hoja ya urefu wa uwanja kama ndo sababu pekee. Ila kama unaishi Mwanza, Bukoba au Musoma na unasafiri kwenda pwani, jua kabisa kwamba safari ngumu kwa sikio ni ya kwenda, na watu wengi wanajipanga kinyume, wanaenda kienyeji halafu wakiumia ndo wananunua dawa za kurudia.

Nilichokuta kwenye sikio lenyewe. Nikiangalia na kile kifaa cha taa, mfereji wa nje ni safi ila una mafuta mafuta, kiwambo kimevutwa ndani, kina wekundu kandokando ya kile kimfupa kinachoonekana katikati, na nyuma yake kuna majimaji ya rangi kama ya chai ya rangi na viputo viwili vitatu vya hewa. Hakuna tundu. Hiyo ndo picha yenyewe ya sikio lililoumizwa na presha, chumba kikikosa hewa kwa muda kuta zake zinaanza kuchuruzika majimaji, wakati mwingine na damu kidogo, kujaza ile nafasi.

Kisha nikafanya kipimo ambacho hata wewe nyumbani unaweza kukiiga. Nilimwekea uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili kinacholia ukikigonga, katikati ya paji la uso nikamuuliza anausikia wapi, akaonyesha kushoto, upande mbovu. Watu wanashangaa, sikio bovu linasikiaje zaidi? Ni kwamba kama tatizo ni kuziba, maji, nta, kiwambo kubonyea, sauti inayopita kwenye mfupa inasikika zaidi upande ulioziba. Kama tatizo ni kwenye mshipa wa fahamu au sikio la ndani, sauti inakimbilia upande mzima. Huna uma wa sauti? Funga mdomo ugune "mmmmm" kwa sauti nene. Ukiisikia zaidi upande ulioziba ni dalili nzuri. Ukiisikia zaidi upande mzima, na upande mwingine umepoteza usikivu ghafla baada ya ndege, usisubiri kesho, nenda hospitali kubwa kama Bugando ukaonwe na daktari wa masikio, pua na koo siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama dunia inazunguka, ukisimama unayumba, au sikio linapiga mluzi mkali usiokoma. Hapo inawezekana sikio la ndani limepata jeraha na kila saa ina maana. Na hii mara nyingi inawapata waliopuliza pua kwa nguvu sana, ndo maana nitasisitiza neno taratibu mpaka mnichoke.

Kama maumivu makali yalikatika ghafla ukahisi kitu kimetoka, na kuna damu au maji maji nje ya sikio, huenda kiwambo kimepasuka. Inatisha kusikia lakini tundu dogo la namna hiyo kwa kawaida linajifunga lenyewe ndani ya wiki kadhaa mradi halijaingiwa na maji wala uchafu. Usiogelee, ukioga weka pamba iliyopakwa mafuta ya mgando mlangoni mwa sikio, halafu upimwe.

Matibabu yake yalikuwa mafupi. Amoksilini nikamwambia aache, hakuna bakteria hapa, hana homa, hana usaha, hili ni jeraha la presha. Mafuta ya nazi hayana pa kwenda, mfereji wa nje na sikio la kati vimetenganishwa na kiwambo, kwa hiyo unachotia nje hakifiki kwenye mrija kabisa, na kama kingekuwa kimetoboka mafuta yangeingia pasipotakiwa. Nilimuuliza pia kama kuna matone ya sikio aliuziwa, akasema alitaka kuuziwa. Afadhali hakununua. Baadhi ya matone yanayouzwa kirahisi huku mtaani yana jentamaisini, na yakipita kwenye tundu la kiwambo yanaweza kuharibu sikio la ndani. Kwa hiyo kanuni ni moja, usitie kitu kwenye sikio lililoumia ndani ya ndege kabla mtu hajaangalia.

Nikampa dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe, zile za oksimetazolini au zailometazolini, kwa siku tatu tu. Ukizidisha, pua inazizoea na inaziba zaidi kuliko mwanzo, nimeona watu wanatembea na kichupa mwaka mzima. Parasetamoli akiumwa. Na mazoezi, mara kadhaa kwa siku aminye pua ameze mate, au apulize taratibu mdomo ukiwa umefungwa. Nikamwambia kuziba kunaweza kuchukua wiki mbili tatu kuisha, asishtuke, na akianza kusikia vitu vinagugumia ndani akimeza, kama viputo, afurahi, hewa imeanza kuingia.

Yeye shida yake kubwa ilikuwa kwamba lazima arudi Dar tena mwezi unaofuata. Tukakaa tukapanga.

Kitu cha kwanza ni kipimo cha kufanya nyumbani siku moja kabla na asubuhi ya safari. Minya pua kwa vidole, funga mdomo, puliza kidogo kama mtu anayetaka kupenga kamasi kwa aibu asisikike, sekunde mbili tatu. Masikio yote mawili yakifanya "tik" mrija unafunguka, safari ipo. Upande mmoja ukigoma, jaribu kumeza huku umeminya pua. Ukigoma kabisa na una mafua mazito, usijidanganye kwamba juu utafunguka. Kama mrija haufunguki ukiwa umekaa kwenye kochi Nyegezi ambapo tofauti ya presha ni sifuri, utafungukaje ikiwa 90.

Halafu dawa ya pua, na hapa safari yetu ina mtego wake. Maelekezo mengi yameandikwa kwa watu wa safari ndefu, kwamba pulizia nusu saa kabla ya ndege kuanza kushuka. Mwanza–Dar ni kama saa moja na nusu au pungufu, na kushuka kunaanza kama dakika ishirini na tano kabla ya kutua, ukisinzia kidogo umeshapitwa. Afadhali upulizie ukiwa sehemu ya kusubiria wakishaanza kuita abiria. Dawa inafanya kazi ndani ya dakika kumi hivi na inakaa masaa mengi, itakushusha hadi Dar bila tatizo. Namna ya kupulizia nayo, watu wanakosea, wanainua kichwa juu na kuelekeza kwenye ubongo. Penga taratibu kwanza upande mmoja mmoja, kichwa kiwe mbele kidogo, elekeza kichupa kuelekea sikio la upande huo huo, sio kwenye ukuta wa katikati, vuta kidogo tu. Ukivuta kwa nguvu yote inaishia tumboni.

Kuna na kidonge, sudoefedrini, ambacho kwa watu wazima wanaosumbuliwa kila mara kilionekana kusaidia kwenye majaribio kuliko hata dawa ya kupuliza, kinamezwa kama nusu saa mpaka saa moja kabla ya safari. Lakini hiki ongea na mfamasia kwanza, maana kinapandisha presha na mapigo ya moyo, wenye presha, wenye moyo, wenye tatizo la presha ya macho na wajawazito hapana. Dada yetu hana presha ila hatukukihitaji. Kwa watoto usimpe kabisa, hakijaonekana kusaidia, na mtoto anaweza kusinzia au kuhangaika bure.

Ndani ya ndege. Alikata siti popote, siti haina tofauti yoyote kwa sikio, huo mjadala wa mbele au nyuma au karibu na bawa uacheni. Alikuwa na bigijii, chupa ya maji na alamu ya simu aliyoiweka imlie kama dakika arobaini baada ya kupaa hata akilala. Dalili za kuanza kushuka unazijua ukizisikiliza, muungurumo wa injini unapungua, pua ya ndege inainama kidogo, na mara nyingi rubani anasema. Hapo ndo kazi inaanza, sikio likiwa bado halijauma. Watu wanasubiri maumivu ndo waanze, maumivu yakianza ujue nusu ya nafasi umeshaitumia.

Alichofanya ni kutafuna bigijii, na kila dakika moja au mbili kumeza funda dogo la maji. Kutafuna pekee hakufungui mrija, kunakufanya utoe mate umeze, mmezo ndo ufunguo. Kila akihisi sikio linaanza kujaa anaminya pua na kumeza kwa wakati mmoja, na kama hiyo haikutosha anapuliza taratibu mdomo umefungwa, sekunde chache, anaachia, anarudia baada ya muda. Kupuliza mara nyingi kidogo kidogo kunashinda kupuliza mara moja kwa kifua kizima. Kwa nini? Kwa sababu presha ya kebini inaongezeka polepole kwa dakika zote ishirini na kitu, wewe unachotakiwa ni kuifuata tu isikuache mbali. Ukifuata kila ikiongezeka 5 au 10, hutakutana na ile 90 kamwe.

Nilimpa na mpango wa kama litagoma katikati. Acha kupuliza. Penga kamasi taratibu, pulizia dawa ya pua kama hukupulizia uwanjani, subiri dakika tano, kisha inamisha kichwa upande mzima ili sikio linalouma liwe juu, unyooshe shingo, minya pua, meza maji. Sogeza taya la chini mbele na pembeni kama mtu anayejilazimisha kupiga miayo. Mwambie mhudumu mapema, sio kwa sababu ana dawa, ila akimwambia rubani na hali ya hewa na foleni ya kutua ikiruhusu, kasi ya kushuka inaweza kupunguzwa. Usiitegemee hiyo lakini hugharamii kitu kusema. Likigoma mpaka chini basi, ukishatua endelea kumeza na kupuliza taratibu, wengi linafunguka saa hizo hizo au jioni.

Vile vikombe viwili vyenye tishu za maji ya moto unavyofunika masikioni, aliniuliza, maana aliona mama mmoja anafanyiwa. Joto linatuliza maumivu kidogo, sikatai, ila kikombe hakiingizi hewa kwenye mrija, na maji ya moto ndani ya ndege inayotikisika yameshaunguza watu. Pamba masikioni nayo haizuii chochote, hewa inapita. Vile vizibo maalum vya masikioni vya safari vinapunguza kasi ya presha kufika kwenye kiwambo, wengine wanavipenda, ila vilipojaribiwa havikuzuia sikio kuumia, sitamwambia mtu mwenye mafua avitegemee.

Alivyosafiri mara ya pili sikio la kushoto lilikuwa limeshafunguka nilipoangalia, viputo vimeisha, kiwambo kinasogea akipuliza. Alinipigia kutoka Dar. Kushoto lilijaa mara moja tu, kwenye zile dakika za mwisho magurudumu yakishatoka, akaminya pua akameza likafanya "tik", kulia hakulisikia kabisa. Akaniambia, "Ila daktari, watu wa pembeni walidhani nina wazimu, kila saa nashika pua." Nikamwambia waache wadhani.

Kisha akaleta swali la mdogo wake anayekuja Dar na mtoto wa miezi minne. Mtoto mdogo huwezi kumwambia ameze, kwa hiyo mwamshe ndege ikianza kushuka hata kama inakuuma kumwamsha, mshike akiwa ameinuka kidogo sio amelala chali, mpe ziwa au chupa mpaka mguse chini. Wengi wanakosea wanamnyonyesha wakati wa kupaa, anashiba, akianza kushuka hataki tena. Mbakizie ziwa la wakati wa kushuka. Akilia usijisikie vibaya na abiria, kulia nako kunamfanya ameze na kufungua koo. Mtoto mwenye mafua mazito na ambaye usiku alikuwa anashika sikio analia, huyo aonwe kwanza, na kama daktari akisema asipande ndege, ahirisha au mje kwa barabara. Kuna mabasi ya moja kwa moja, na wanaochoka na basi refu wanaunga, basi mpaka Dodoma halafu treni ya mwendokasi mpaka Dar. Milima ya njiani inashukwa polepole na unaweza kusimamisha gari ukameza maji, ndege haisimami.